Nilipe ile 30,000 yaishe au nikabishe mahakamani? Na rekodi yangu inakuwaje

Swali:
"Shikamoo dada wakili. Mi ni dereva wa kirikuu ya bosi, napeleka dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Magu. Juzi nimepigwa tochi, wanasema 67 kwenye 50, mi naamini kibao cha 50 pale hakipo kimeanguka. Askari kaniambia kubali tu ulipe 30,000 yaishe, mshkaji wangu anasema ukilipa umekiri na utakuwa na rekodi ya jinai, mwingine anasema andika barua ya kukiri mahakamani bila kwenda. Nimeomba kazi ya udereva kwenye mradi na wanataka leseni safi na cheti cha polisi cha kwamba sina makosa. Nifanye nini, siku zinakimbia."

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Kwanza cheki ile karatasi uliyopewa imeandikwa tarehe ngapi, maana una siku saba za kulipa kwa bei ya kawaida na zikipita inaongezeka robo, ile 30,000 inakuwa 37,500, na ukiendelea kukaa nayo wanaweza kukupeleka mahakamani hata kama hukupanga kwenda. Kwa hiyo soma hili leo, usiseme nitasoma jumapili.

Sasa, washkaji zako wote wawili kila mmoja kashika kipande cha ukweli ila wamevichanganya, na huo mchanganyiko ndo unawaumiza madereva wengi huku kwetu. Watu wanadhani kuna njia mbili, kulipa au kubisha. Ziko tatu. Kuna kulipa notifikesheni, yaani hiyo karatasi ya askari. Kuna kukiri mahakamani kwa maandishi bila wewe mwenyewe kusimama pale. Na kuna kukana na kesi ikasikilizwa. Mbili za mwanzo kwa nje zinafanana kabisa, zote umekubali na umelipa na hujakanyaga mahakama, lakini kwenye rekodi zimepishana kama Kirumba na Ukerewe.

Tuanze na hiyo uliyopewa. Sheria ya Usalama Barabarani, ile ya mwaka 1973 ambayo ni Sura ya 168, inampa askari uwezo wa kukuandikia taarifa ya kosa badala ya kukuburuza mahakamani moja kwa moja. Kwa gari ni 30,000 kwa kila kosa, kwa bodaboda na bajaji ilishushwa ikawa 10,000 kwenye bajeti ya 2021. Kwa kila kosa, si kwa kila kusimamishwa, kwa hiyo kama siku hiyo walikuandikia na taa ya nyuma haiwaki basi hesabu 60,000. Ukilipa, jambo limeishia hapo. Hakuna hakimu aliyekusomea shitaka, hakuna aliyekuuliza ni kweli au si kweli, hakuna hukumu iliyoandikwa popote. Na kwa Katiba yetu, ibara ya 13, mtu hawi mwenye hatia mpaka ithibitike hivyo, na wa kusema imethibitika ni mahakama, si askari aliyesimama chini ya mwembe na tochi.

Kwa hiyo mshkaji wako aliyesema utakuwa na rekodi ya jinai, hapo kakosea. Umekubali kosa, sawa, hilo sikufichi, lakini hujatiwa hatiani. Neno la kushika ni hilo, kutiwa hatiani. Fomu ya kazi ikikuuliza "umewahi kutiwa hatiani na mahakama?" na wewe ulilipa notifikesheni tu, jibu lako ni hapana na hujadanganya mtu.

Ila usinielewe vibaya ukadhani haibaki alama yoyote. Inabaki, ila kwenye daftari jingine. Kosa linaingia kwenye mfumo wa polisi wa trafiki, na yeyote mwenye namba ya gari au namba ya leseni yako anaweza kuingia `tms.tpf.go.tz` akaona kama kuna deni. Ukishalipa linaondoka kwenye madeni, ila polisi wenyewe kumbukumbu wanabaki nayo kwamba tarehe fulani uliandikiwa mwendokasi. Huyo mwajiri wako wa mradi, kama ana namba ya leseni yako (na anayo, ulimpa kopi), kitu cha haraka anachoweza kufanya ni kucheki huko kama unadaiwa. Nimeona vijana wanakosa kazi si kwa sababu ya kosa, ni kwa sababu ya deni la miezi minne limekaa pale na ongezeko lake juu, mwajiri anasema huyu hata 30,000 ya serikali kashindwa kuimaliza gari langu ataliweza.

Na hapa kuna kitu madereva wa magari ya mabosi hamkicheki. Angalia kosa limeingizwa kwa namba ya leseni yako au kwa namba ya gari. Tafuta kwa zote mbili. Kama limekaa kwenye gari tu, leseni yako itaonekana nyeupe ila bosi atakuja kulikuta siku anauza kirikuu yake, mnunuzi anacheki namba anakuta deni, na hapo atakutafuta wewe popote ulipo. Ongea naye mapema, muelewane nani analipa, msiviziane.

Halafu cheti cha polisi unachoambiwa ulete, kile kinatolewa kwa alama za vidole. Unapigwa vidole, wanalinganisha na kumbukumbu za watu waliowahi kukamatwa na kushtakiwa. Kwa notifikesheni ya barabarani hakuna mtu aliyekupaka wino wala kukuwekea vidole kwenye mashine. Kwa hiyo hiyo 30,000 usiiogope kwa ajili ya cheti.

Sasa huyo aliyekwambia andika barua mahakamani. Hiyo njia ipo kweli na si ya mtaani, iko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Kwa makosa madogo, hakimu anaweza kukuruhusu usihudhurie mwenyewe kama umekiri kwa maandishi au umewakilishwa na wakili, na kwa makosa yale ambayo adhabu yake ni faini tu au kifungo kifupi kabisa kisichozidi miezi mitatu sheria inataka akuruhusu. Ilitengenezwa kwa watu kama dereva wa lori aliyekamatwa Shinyanga na yuko njiani kurudi Bukoba, si haki arudi kilomita zote hizo kuja kusema "ni kweli" halafu alipe faini.

Lakini angalia ni nini kinatokea barua yako ikifika. Hakimu anaisoma, anaridhika kwamba ni kukiri kweli, anakutia hatiani, anatoa adhabu. Ukumbi ulikuwa mtupu upande wako lakini hatia ni hatia ileile kama ungekuwa umesimama kizimbani. Kuanzia siku hiyo fomu ikikuuliza umewahi kutiwa hatiani, jibu ni ndiyo. Siku nyingine ukipata kesi ya barabarani na ukatiwa hatiani, hakimu kabla ya adhabu anamuuliza mwendesha mashtaka kuhusu kumbukumbu za nyuma, na yule hawezi kusema tena "sina kumbukumbu zake, achukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza". Na mahakama inayokutia hatiani kwa kosa la barabarani ina mkono unaofika kwenye leseni, kuanzia kuandikwa kwa hilo kosa mpaka kusimamishwa au kufutwa kwa makosa makubwa. Karatasi ya notifikesheni haina huo mkono.

Kwa hiyo mtu aliyeshapewa nafasi ya kulipa 30,000 kwa askari, akaamua kuiacha ili akaandike barua ya kukiri mahakamani, huyo kauza ng'ombe kanunua kamba. Amekubali kosa lilelile ila ameenda kulikubali mahali panapoandika. Barua ni ya mtu ambaye tayari yuko mahakamani, amepata hati ya mashtaka na wito, hana cha kubishia na anakaa mbali. Wewe hujafika huko.

Na wale wanaoandika hizo barua wanaharibu sana. Anaandika "Mheshimiwa nakiri kosa ila kibao hakikuwepo na mimi nilikuwa naenda 50". Hiyo si kukiri. Mahakama zetu tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, zinafuata hatua: shitaka lisomwe na lieleweke, maneno ya mshtakiwa yaandikwe karibu kama alivyoyasema, mwendesha mashtaka aeleze maelezo ya kosa, mshtakiwa aulizwe kama maelezo hayo nayo ni ya kweli, ndipo atiwe hatiani. Akisema "ni kweli lakini", na hiyo lakini ikawa inagusa kosa lenyewe, hakimu anatakiwa aandike kwamba amekana na kesi isikilizwe. Kwa barua maana yake unaitwa uje mwenyewe, ile safari uliyokuwa unaikwepa umeinunua.

Hata kwa anayesimama pale ni hivyohivyo. Nina mzee mmoja nilimkuta koridoni, dereva wa haisi, kaja bila wakili, kasomewa akajibu "ni kweli mheshimiwa ila breki zilikataa nikashindwa kupunguza". Hakimu akaandika amekana. Mzee akakasirika, akaniambia nje mimi nimekiri kwa nini wananirudisha tena kesho kutwa. Nikamwambia mzee wangu huyo hakimu kakusaidia, maana ungesema "ni kweli" peke yake na ukaanza kuzungumza breki baadaye, mlango ulikuwa umefungwa.

Umefungwa kivipi? Ukikiri mahakamani ukatiwa hatiani, huwezi kukata rufaa kubishia hatia. Sura ya 20 inakuacha ukatie rufaa adhabu tu, kama ni kubwa mno au si halali. Kuna mianya, Mpinga dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1983 inaitaja, kama vile kukiri kwenyewe kulikuwa na utata, au ulikiri kwa kutoelewa, au shitaka lenyewe halikuonyesha kosa lolote. Ila hiyo ni mianya, na kupita mwanya kuna gharama zake. Nilikuwa na mteja aliyekiri "ili yaishe nirudi kazini", akaja kwangu wiki ya pili na picha nzuri kabisa zinazoonyesha si yeye aliyekuwa anaendesha. Picha nzuri, ila zimechelewa. Alishasema ni kweli, maelezo yakasomwa akasema ni kweli tena, hapo huna utata wa kuutafutia.

Haya, kubisha sasa, maana naona ndo roho yako inapotaka.

Kubisha kunaanza kabla ya kulipa. Hilo watu wanalipindua, analipa kwanza ili gari liachiwe halafu anakuja "dada nataka kukata rufaa". Rufaa ya nini, hakuna hukumu ya kukatia. Ukishalipa kilichobaki ni kwenda kulalamika kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa, na hiyo inasaidia kama ni makosa ya wazi kama namba ya gari imekosewa herufi, au umeandikiwa mara mbili kosa moja, lakini kwa hoja ya kibao kilianguka ukiwa umeshalipa, sidhani utapata mtu wa kukusikiliza kwa muda mrefu.

Ukikataa kukubali, unamwambia askari kwa heshima kwamba hukubali na uko tayari kwenda mahakamani. Usigombane, usirekodi huku unamsukumia simu usoni. Hapo wao ndo wanaandaa hati ya mashtaka na unafikishwa mahakama ya wilaya. Siku ya kwanza unasomewa, unasema si kweli, inaandikwa, mnaongea dhamana, ambayo kwa kosa kama hili ni haki yako ila uje na mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtendaji, usije peke yako ukakwama mpaka jioni. Baadae kuna usikilizwaji wa awali, mnaulizwa yapi hayabishaniwi. Wewe utakubali gari ni lile, siku ni ile, ulikuwa unaendesha wewe, na utabisha mwendo au kikomo. Halafu tarehe ya mashahidi, na hapo shahidi mkubwa ni askari wa tochi, na kama yuko kwenye kazi nyingine kesi inaahirishwa, unarudi siku nyingine. Mshtakiwa wa jinai halipi ada ya kufungua kitu, ila analipa kwa siku zake. Wewe ukipata tuseme 20,000 kwa siku ya kazi na ukaitwa mara tano, umeshaacha laki moja hapo nje ya nauli, na dagaa za bosi hazingoji, zikilala zinapungua bei na atampa mwingine usukani.

Sitaki kukutisha, nataka ujue bei. Kwa upande mwingine, kule mzigo wa kuthibitisha ni wao, na ni mzigo mzito, bila kuacha shaka ya msingi. Kwa kesi yako wanatakiwa waonyeshe ulikuwa wewe, mwendo ulikuwa 67, na kikomo pale kilikuwa 50. La kwanza umeshalikubali. La pili watakuja na picha ya tochi, na hapo cha kuuliza ni picha imetoka kwenye kifaa kipi, nani alikiendesha, inaonyesha namba yako sawasawa au kuna gari jingine linakupita kwenye fremu, na imefikaje kwenye simu ya yule aliyekusimamisha mbele, maana mara nyingi mpigaji yuko kilomita moja nyuma na picha inatumwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo ila mahakama inaangalia uaminifu wa jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo askari aliyepokea picha kwenye simu asipokuja na aliyepiga, hapo una la kusema.

La tatu ndo kibao chako. Na hapa nikuulize bila kukuonea aibu, umerudi kuangalia? Maana "naamini hakipo" na "hakipo" ni vitu viwili. Ile barabara ya kwenda Magu vibao vya 50 vinakuja kila senta, unatoka kimoja unaingia kingine, na kibao kinachokuhusu si kile kilichokuwa karibu na askari, ni kile cha kuingilia senta upande wako wa barabara. Nimeshaona mtu anapiga picha nguzo iliyoanguka upande wa pili, wa wanaokuja mjini, anafurahi kabisa. Rudi kesho ukiwa unapeleka mzigo, piga picha mlango wa senta unavyoingia kutoka Kisesa, piga mahali ulipodakwa, piga na alama yoyote isiyohama kama duka au kituo cha mafuta, tarehe ya simu iwe sawa. Mpe na mtu wa pili aione kwa macho, konda au jirani wa pale anayeweza kuja kusema kibao kimelala tangu mvua. Kama kibao kipo, kimeinama tu na kinasomeka, achana na kubisha, sikufichi.

Matokeo ya kubisha kwenye rekodi ndo haya. Ukishinda, kwa maana hakimu kaona huna kesi ya kujibu au mwisho kakuachia huru, hakuna hatia, huna cha kuandika kwenye fomu, na hawawezi kukushtaki tena kwa lilelile. Ukishindwa, umetiwa hatiani, rekodi ni ileile ya yule aliyeandika barua, na faini si lazima iwe 30,000 tena, hakimu hafungwi na ile bei ya karatasi, anaangalia adhabu iliyoko kwenye kifungu. Ila tofauti na yule wa barua, wewe rufaa yako iko nzima, hatia na adhabu vyote unaweza kuvipeleka Mahakama Kuu, notisi ndani ya siku kumi na rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

Kuna na katikati ambapo watu wanapiga vigelegele mapema. Mwendesha mashtaka anaiondoa kesi kabla hujaanza kujitetea, mnaambiwa shauri limeondolewa, unatoka unapiga simu nyumbani nimeshinda. Hujashinda, umeachiwa tu. Hatia hakuna, hilo ni kweli, fomu unaandika hapana, lakini wanaweza kukurudisha kwa kosa hilohilo. Muulize karani kabla ya kuondoka imeandikwaje, ikiwezekana omba nakala ya amri, maana mwaka ujao hakuna atakayekumbuka.

Na jambo la mwisho la kwako mwenyewe, muda. Kesi ikiwa inaendelea wewe huna hatia lakini una kesi. Fomu nyingi za hii miradi hazikuulizi hatia tu, zinauliza "je una shauri lolote la jinai linaloendelea?" Hapo ukiandika hapana umedanganya na hiyo ndo inafukuzisha watu kazi, kuliko hata mwendokasi. Ukiandika ndiyo, anayesoma faili sitini hatakaa aulize ni kesi gani.

Kwa hiyo kwa ulivyonieleza, ningekuwa wewe nisingeandika barua kabisa, hiyo ifute. Ningerudi pale kwenye senta ndani ya siku mbili hizi. Kama kibao cha kuingilia kipo, nalipa hiyohiyo siku. Kama kweli hakipo na nina picha na mtu wa kuja kusema, bado ningejiuliza usaili wa kazi ni lini, na kama ni mwezi huu ningelipa na roho ikiniuma, maana ninachouza ni 30,000 na kumbukumbu ya trafiki isiyo hatia, na ninachonunua ni fomu safi pande zote mbili. Ingekuwa ni kosa lililoambatana na ajali au mtu kaumia, au wanakusingizia pombe, hapo ningekwambia usikubali chochote kwa haraka, tafuta wakili kabla hujafungua mdomo, hayo ni ya mahakamani na yanagusa leseni.

Ukilipa, lipa kwa kontrol namba tu, zinaanza na 99 na zina tarakimu kumi na mbili, kwa simu au benki. Usimpe mtu mkononi wala usitume kwenye namba ya mtu. Tunza ile meseji na upige picha ya skrini, kesho yake ingia tena `tms.tpf.go.tz` utafute kwa leseni na kwa gari, kama bado inasoma nenda ofisi ya trafiki na meseji yako warekebishe. Halafu meseji hiyo mtumie na bosi.

Kama ukirudi kule na kibao kweli hakipo, nitumie zile picha kabla hujalipa, siku ya tano iwe mwisho.